Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Inapofika tarehe 5 ya mwezi, meza ya afisa wa rekodi za afya katika kaunti ndogo moja ya Eastlands hujaa bahasha za kaki. Nyingine zinaletwa na wauguzi wanaopitia ofisini kabla ya zamu, nyingine na makarani wa zahanati za kulipia walioteremka matatu Barabara ya Jogoo, na nyingine na kijana wa bodaboda ambaye hajui amebeba nini. Afisa hupokea bahasha, hufungua, hutoa fomu, kisha hufanya jambo moja kabla hajasoma hata mstari. Anapiga mhuri wa tarehe.

Nimekaa pembeni ya meza hiyo mara kadhaa, na mhuri huo ndio ulionifundisha kuiheshimu kazi yake. Kila mwezi anatengeneza kadi ya alama, karatasi moja inayoonyesha jinsi kila kituo kilivyoleta ripoti. Safu ni tatu: ukamilifu, usahihi, na kufika kwa wakati. Ukiitazama haraka utadhani ni kazi ya kugawanya namba na kupaka rangi ya kijani, njano na nyekundu. Ukikaa naye unagundua kwamba sehemu kubwa ya ustadi wake ni kupambana na adui mmoja, yaani kisanduku kitupu. Pengo katika fomu lina uwezo wa kuzidanganya safu zote tatu, kila moja kwa njia yake, na kadi iliyotengenezwa bila uangalifu inaweza kukitunuku kituo kilichonyamaza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kituo hujumlisha kazi ya mwezi kutoka kwenye rejista, kikaandika fomu za wizara: MOH 705A ya magonjwa ya watoto walio chini ya miaka mitano, MOH 711 inayobeba huduma za uzazi na nyinginezo, MOH 710 ya chanjo, na kadhalika. Fomu hufika kaunti ndogo ifikapo tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Zikishafika, zinaingizwa katika KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa taifa, kabla ya tarehe 15. KHIS imejengwa juu ya programu ya DHIS2 kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Mfumo huo una uwezo wa kutoa asilimia zake wenyewe bila kuombwa. Afisa huyu anazitazama, lakini haziwekei saini mpaka azipitishe kwenye kadi yake.

Sababu ya kwanza iko katika ukamilifu. Mfumo unapoeleza kwamba kituo kimeripoti, unachoangalia ni kama kuna mtu aliyebonyeza kitufe cha Complete chini ya fomu. Haukagui kama visanduku vimejazwa. Fomu yenye namba tatu na mapengo thelathini ikibonyezwa kitufe hicho inahesabiwa ripoti moja kamili, sawa na ile iliyojazwa kila mahali. Kwa hiyo afisa anapima mara mbili. Kwanza anauliza kama ripoti imekuja. Kisha anahesabu visanduku ambavyo kituo hicho kilipaswa kujaza, na vingapi kati yake vina kitu ndani.

Hilo neno “kilipaswa” lina kazi yake. Zahanati iliyo chini ya jengo la kupangisha, isiyo na kitanda cha kujifungulia, haistahili kulaumiwa kwa kutoandika idadi ya waliojifungua. Na Eastlands zahanati ndogo hufunguka, huhama mtaa na kufungwa, huku jina likibaki kwenye orodha na kudaiwa ripoti ambayo hakuna mtu wa kuiandika. Ndiyo maana kabla ya kugawanya chochote, afisa hupitia orodha ya vituo na huduma za kila kimoja. Nimemwona akiishikilia orodha hiyo nusu saa nzima, akimpigia simu chifu wa eneo kuuliza kama kliniki fulani bado iko. Mwenzake kijana alimuuliza kwa nini asianze tu hesabu. Akamjibu, “Ukigawanya kwa namba ya uongo, mwanangu, hata jibu sahihi ni la uongo.”

Tuchukue kituo kimoja, ripoti ya chanjo ya mwezi Machi. Namba hizi nimeziweka mimi kwa ajili ya mfano, lakini makosa yake ni yale yanayopita juu ya meza ile kila mwezi. Fomu ya MOH 710 imefika tarehe 4 Aprili, na mhuri unashuhudia. Visanduku vinavyokihusu kituo ni 40, na vilivyojazwa ni 34. Mapengo ni sita: mawili ya BCG na manne ya vitamini A.

Mtu mwenye haraka angeandika sifuri katika mapengo hayo sita na kuendelea. Afisa haandiki. Pengo kwenye mstari wa BCG linaweza kuwa na maana tatu, na kila moja inadai hatua yake. Huenda hakuna mtoto aliyechanjwa, basi jibu ni sifuri na hakuna la kufanya. Huenda chanjo iliisha, basi jibu bado ni sifuri, lakini kuna bohari ya kuulizwa na watoto wa kutafutwa. Au huenda watoto walichanjwa na aliyejaza fomu akaruka mstari, basi jibu ni namba fulani iliyolala kwenye rejista. Akiandika sifuri kwa kukisia, maana zote tatu zinakuwa moja, na hakuna atakayekuja kuzitenganisha tena. Kwa hiyo kwenye kadi anaweka 34 kwa 40, asilimia 85, na kuzungushia mapengo kwa kalamu nyekundu.

Hata sifuri ya kweli inahitaji kulindwa. DHIS2 haihifadhi sifuri iliyoandikwa mpaka msimamizi wa mfumo awe ameruhusu, kwa kuweka alama kwenye Store zero data values kwa kila kipengele. Pale ambapo alama hiyo haipo, muuguzi anaweza kuandika 0 kwa uaminifu, karani akaiingiza, na mwisho wa safari ikasomeka kama pengo. Ndiyo maana afisa hahesabu ukamilifu kutoka kwenye skrini peke yake. Fomu ya karatasi inabaki mezani hadi kadi iishe.

Safu ya pili anayoijaza ni ya wakati. Hapa mfumo hutumia tarehe ambayo kitufe cha Complete kilibonyezwa, ikilinganishwa na siku zilizoruhusiwa baada ya mwezi kwisha. Lakini katika vituo vingi vidogo anayebonyeza kitufe ni karani wa kaunti ndogo. Chukua zahanati iliyoleta fomu tarehe 3. Fomu ikakaa kwenye rundo, mtandao ukasumbua siku mbili, karani akapatwa na msiba, ikaingizwa tarehe 17. Mfumo utasema zahanati ile imechelewa. Kwa kweli zahanati iliwahi, na aliyechelewa ni aliyepokea.

Mhuri unapigwa kwanza kwa ajili hiyo. Kadi yake ina tarehe mbili kando kando: ya kupokea, inayopimwa dhidi ya tarehe 5, na ya kuingiza, inayopimwa dhidi ya tarehe 15. Ya kwanza ni alama ya kituo. Ya pili ni alama ya ofisi yake mwenyewe, na huipaka nyekundu bila kusita inapostahili. Mwezi mmoja nilihesabu nyekundu tano kwenye safu ya ofisi, na kadi hiyo hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye mkutano wa wakuu wa vituo. Hakuna aliyemwambia kwamba kadi ni fimbo ya kuwachapia wengine.

Kasi nayo ni jirani wa pengo. Njia rahisi ya kuwahi tarehe 5 ni kuleta fomu iliyojazwa nusu. Kwa hiyo fomu ikirudishwa kusahihishwa, afisa hafuti mhuri wa kwanza wala haruhusu wa pili uufunike. Anaandika tarehe zote mbili. Msomaji wa kadi anaona kwamba kituo kiliwahi kikiwa na asilimia 85, kikakamilika siku kadhaa baadaye. Hilo linamfundisha zaidi kuliko neno “kimewahi” au “kimechelewa”.

Sasa tufike kwenye usahihi, ambapo ninapenda kumtazama zaidi. Kwa fomu ya chanjo ana kanuni 12, kila moja ni swali kuhusu namba mbili zinazopaswa kuelewana. Mtoto wa wiki sita hupewa Penta ya kwanza na polio ya matone kwa ziara moja, kwa hiyo idadi za chanjo hizo mbili zisiachane sana. Penta ya tatu, ya wiki ya 14, kwa kawaida isiizidi ya kwanza, maana si kila aliyeanza humaliza. Na namba ya mwezi isiruke mbali na mazoea ya kituo. Kanuni hiyo ya mwisho anaipima kwa mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Desemba ya Eastlands hailingani na Novemba. Nusu ya mtaa imekwenda ushago, na benchi la kliniki linabaki na akina mama wachache.

Katika kituo chetu, kanuni nne zinategemea BCG au vitamini A, na visanduku hivyo ni vitupu. Hapa ndipo pengo linapofanya hila yake kubwa. Mfumo ukikuta upande mmoja wa kanuni hauna namba, unaweza kuiruka kanuni hiyo, na kanuni iliyorukwa haionekani kwenye orodha ya makosa. Mtu anayehesabu makosa tu atapata mawili kati ya 12, aseme kumi zimepita, asilimia 83. Afisa anahesabu vingine. Zilizopimika ni 8, zilizopita ni 6, na nne anaziandika kando kama zisizopimika.

```
Ukamilifu : 34 / 40 = 85%
Usahihi   :  6 / 8  = 75%   zisizopimika: 4
Wakati    : mhuri 4 Aprili (mwisho 5 Aprili)
```

Tazama kilichotokea kati ya 83 na 75. Kituo kilichoacha mapengo kilikuwa karibu kupewa alama kubwa zaidi ya usahihi kwa sababu kiliyaacha. Kikiacha fomu nzima tupu, hakitavunja kanuni hata moja. Ndiyo maana afisa anakataa kuzijumlisha safu tatu ziwe alama moja, ingawa wakubwa huipenda namba moja kwa sababu inasomeka upesi. Wastani ungeufunika ujanja huu. Safu zikikaa kando kando, na ile hesabu ya zisizopimika ikiandikwa wazi, pengo halina pa kujificha.

Yamebaki makosa mawili. La kwanza, polio ya kwanza imeandikwa 85, na Penta ya kwanza 58. Afisa aliweka kidole juu ya namba hizo, akatoa moja kwa nyingine, akapata 27. “Inagawika kwa tisa,” akasema. Hiyo ni mbinu ya kale ya watunza hesabu. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi wakati wa kunakili, tofauti kati ya namba ya kweli na iliyokosewa daima hugawika kwa tisa. Haithibitishi kitu, kwa kuwa namba nyingi hugawika kwa tisa bila kosa lolote. Lakini inamwambia aanze kutafuta wapi. La pili, Penta ya tatu ni 61, zaidi ya ya kwanza. Swali hili analiuliza kwa Penta peke yake, kwani polio ya matone husafiri nayo.

Hakusahihisha lolote mezani. Alienda kituoni na kadi yake, akamkuta muuguzi mkuu anamaliza foleni ya asubuhi, akangoja kwenye benchi na akina mama.

“Habari ya kazi, Sista. Naomba unisaidie kusoma ukurasa mmoja. Kuna mahali nimeshindwa.”

“Karibu, dada. Umeshindwa au sisi ndio tumekosea?”

“Bado sijui. Ndiyo nimekuja tuangalie pamoja.”

Wakafungua MOH 510, rejista ya kudumu ya chanjo. Kuihesabu rejista hii kunahitaji subira, na wengi hukosea hapa. Kila mtoto ana mstari mmoja, na tarehe za chanjo zake zinapanda kwenye safu za mstari huo kwa miezi mingi. Aliyeandikishwa Desemba, akipata Penta ya tatu Machi, tarehe yake iko kwenye ukurasa wa Desemba. Ukihesabu kurasa za Machi tu, utamkosa. Afisa alirudi nyuma mpaka kurasa za mwaka uliotangulia, rula chini ya mstari, akiteremka safu moja kwa wakati mmoja, huku muuguzi akihesabu kwa vistari kwenye karatasi ya pembeni, vinne wima na cha tano kuvikata.

Polio ya kwanza ilitoka 58. Kwenye karatasi ya jumla ya kliniki ilikuwa 58 vilevile, na ilipinduka ilipokuwa ikinakiliwa kwenye fomu. Kipimo cha uhakiki ni kugawanya ulichohesabu upya kwa kilichoripotiwa: 58 kwa 85 ni 0.68. Wakaguzi wengi huvumilia tofauti ya sehemu moja kwa kumi, kwa hiyo hii ilikuwa nje kabisa, na namba ikasahihishwa.

Mapengo nayo yakapata majibu, kila moja la kwake. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, na kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, kwa hiyo kituo kile hukusanya watoto wa BCG siku moja ya wiki ili chanjo isipotee. Karatasi za vistari za siku hiyo huwekwa kwenye faili nyingine, na aliyejumlisha mwezi hakuifungua. Rejista ilikuwa na watoto 33, wote walio chini ya mwaka, na kisanduku cha pili kikawa sifuri halali. Vitamini A haikuwapo mwezi mzima, vidonge viliisha. Vile visanduku vinne vikaandikwa 0, na kando yake maelezo: havikuwapo. Pengo la kwanza lilikuwa limeficha watoto 33, la pili limeficha rafu tupu. Mtu aliyejaza sifuri kwa kukisia angewafuta watoto na kuinyamazisha rafu kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Ikabaki Penta ya tatu. Walihesabu mara mbili, na mara zote mbili ikawa 61. Basi afisa akaanza kusoma mistari yenyewe. Watoto saba walikuwa na Penta ya tatu ya Machi iliyochanjwa hapo, lakini ya kwanza ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu cha mama na mtoto, ikiwa na jina la kituo kingine. Mtoto anayefikisha wiki 14 mwezi Machi alizaliwa kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Mama zao walikuwa wamejifungulia ushago karibu na Krismasi, wakaanzia chanjo huko, kisha wakarudi mjini kazini. Namba ilikuwa kweli tupu. Iliyokosea ni kanuni, kwa kudhani kwamba watu wa Eastlands hukaa mahali pamoja.

Muuguzi, ambaye alijua rangi zinavyosomwa kwenye mkutano, akauliza kwa upole kama haingekuwa rahisi kuandika 58 na 58 ili kadi itulie. Afisa alifunga rejista taratibu. “Sista, hawa watoto saba umewachanja wewe. Siwezi kuwatoa kwenye kitabu kwa sababu ya kanuni niliyoiandika mimi.”

Kadi ya pili ya kituo hicho ilisomeka hivi: ukamilifu 40 kwa 40, usahihi 11 kwa 12, asilimia 92, zisizopimika hakuna, mhuri 4 Aprili, marekebisho 10 Aprili. Kwenye safu ya maelezo aliandika sentensi moja kuhusu wale saba, na kwenye rasimu ya kanuni zake akaongeza alama ya kuuliza kando ya swali la Penta, kwa miezi ya Februari, Machi na Aprili. Alama moja nyekundu akaiacha ilivyo.

Nilipotazama karatasi hiyo jioni, taa za Jogoo zikiwa zimeanza kuwaka na ofisi imebaki sisi wawili, niliona kwamba asilimia 92 ile ilikuwa na kazi zaidi ndani yake kuliko mia zote za kijani zilizoizunguka. Kila kisanduku sasa kilikuwa na namba ambayo mtu ameihesabu, au sifuri ambayo mtu ameithibitisha. Afisa akaiweka juu ya faili, akafungua bahasha nyingine, akachukua mhuri.